Bw., Bi. au Dkt.? Namna ya kumwandika mtu kwenye bahasha

*"Mimi ni katibu muhtasi katika taasisi moja hapa Dodoma. Nimepewa kazi ya kuandaa bahasha na barua za mwaliko zaidi ya mia moja. Bosi anasema 'Dkt.' ni makosa, niandike 'Dk.' Mwenzangu anasema 'Bi.' ni ya asiyeolewa, aliyeolewa aandikwe 'Bibi'. Kwenye orodha yumo mama mmoja daktari wa hospitali ambaye mumewe ni mfanyabiashara, hao nimewaandika 'Bw. na Bi.' Yumo pia mbunge mwenye shahada ya uzamivu, yeye nimemwandika 'Mhe. Bw. Dkt.', lakini moyo haujatulia. Halafu hizi nukta ziwepo au zisiwepo? Na kwenye anwani vinakaa mstari upi?"*

Tuanze na bosi, maana ndiye atakayesaini. "Dkt." si makosa hata kidogo. Ndicho kifupisho kinachotumiwa na serikali yenyewe: soma taarifa yoyote ya Ikulu ya Tanzania utakuta "Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan", na kabla yake ilikuwa "Mhe. Dkt. John Pombe Joseph Magufuli". Lakini bosi naye hajakiokota njiani. "Dk" amekisoma gazetini. Mwananchi limezoea kuandika "Dk" bila nukta, na ukivuka mpaka ukafungua Taifa Leo la Kenya utakuta "Dkt", "Bw" na "Bi", zote bila nukta. Vyumba vya habari vina sababu zao: safu za gazeti ni nyembamba, na jina la mtu mmoja linaweza kurudiwa mara kumi kwenye habari moja, kwa hiyo kila herufi inayopungua ni nafuu. Bahasha haina shida hiyo. Jina linaandikwa mara moja, na nafasi ipo tele. Kwa barua ya ofisi nchini Tanzania, ushauri wangu ni "Dkt." yenye nukta, na kama bosi atang'ang'ania "Dk.", mwandikie hivyo hivyo bila ugomvi, mradi bahasha zote mia zifanane. Kitakachowafanya mwonekane hamkujipanga ni kumwandika mmoja "Dk." na mwenzake "Dkt." kwenye meza moja ya wageni.

Ukitaka hoja ya kumpelekea, hii hapa. Vifupisho vyetu vya heshima vinaundwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukata: unachukua herufi za mwanzo na kuacha zilizobaki. Bwana ikawa "Bw.", Mheshimiwa ikawa "Mhe.", Mchungaji ikawa "Mch.", Profesa ikawa "Prof." Ya pili ni kuchuja irabu. Maneno ya Kiswahili yamejaa irabu, na ukiziondoa, konsonanti zinazobaki mara nyingi zinatosha kulitambulisha neno. Daktari ikiondolewa irabu na mkia wake inabaki "Dkt.", Ndugu inabaki "Ndg.", Mwalimu inabaki "Mwl." Sasa tazama "Dk." Imechuja kupita kiasi. Msomaji wa habari za mpira anaijua "dk" kama dakika: bao lilifungwa dk ya 67. Herufi kubwa na jina linalofuata humwokoa msomaji, kwa hiyo hakuna atakayekosea sana, ila "Dkt." haina mgogoro na neno lolote, na ndiyo maana mimi huichagua.

Kwa mantiki hiyo hiyo, kama kwenye orodha yako umeandika "Mh." badilisha iwe "Mhe." Herufi hizo mbili zinaanzia pia Mhandisi, Mhadhiri, Mhasibu na Mhariri, na katika taasisi yenye wahandisi na wahasibu, "Mh." inaweza kumpa mtu cheo ambacho hakukiomba.

Nukta nayo ina kazi. Inamwambia msomaji kwamba neno halijaisha, alitamke zima. Hakuna anayesoma "Bw. Juma" kwa kutamka herufi b na w, anasoma "Bwana Juma". Wengi wanaoondoa nukta kwenye barua rasmi wameiga desturi ya Kiingereza, ambako waandishi wengine hawaweki nukta pale kifupisho kinapobakiza herufi ya mwisho ya neno lenyewe. Ni utaratibu mzuri kwa lugha yao, lakini kwetu hauna pa kushika, kwa sababu vifupisho vyetu havifiki mwisho wa neno. Bwana inaishia na a, Daktari na i, Ndugu na u, Mheshimiwa na a. Hakuna hata moja kati ya hizo herufi iliyobaki kwenye kifupisho. Basi weka nukta. Herufi ya kwanza iwe kubwa, nyingine ndogo, hata kama mstari wa jina ni mfupi na unataka uonekane. "BW." yote kwa herufi kubwa inafaa pale tu ambapo jina zima limeandikwa kwa herufi kubwa.

Anayevunja utaratibu huu ni "Bi.", na hapo ndipo penye hoja ya mwenzako. "Bi." inaweza kuwa kifupisho cha Bibi, lakini pia ni neno kamili linalotamkwa hivyo hivyo. Watu wa pwani wanaita Bi Asha, Bi Mwanaidi, bila kufupisha chochote. Msanii mkongwe wa taarab wa Zanzibar, Fatuma binti Baraka, dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude hadi alipofariki mwaka 2013, na wanaoliandika bila nukta hawajakosea, kwa sababu hapo Bi ni sehemu ya jina. Kwenye barua ya ofisi iweke nukta ili ilingane na "Bw." na "Dkt." zilizo jirani yake. Katika simulizi au habari, iache.

Sasa suala la kuolewa. Kiswahili hakina kile walicho nacho Waingereza, vifupisho viwili tofauti vya kumtenganisha mwanamke aliye na ndoa na asiye nayo. "Bi." ni ya wote: msichana aliyemaliza chuo mwaka jana, mama wa watoto watano, mjane, mtalaka. Wapo wanaojaribu kuiingiza tofauti ile kwa kumpa asiyeolewa "Bi." na aliyeolewa "Bibi", na utaiona kwenye fomu kadhaa za zamani, lakini kwenye bahasha inaleta matatizo mawili. La kwanza ni kwamba hujui. Katika wanawake arobaini wa orodha yako, utampigia nani kumuuliza kama ana mume, na utamuuliza kwa sababu gani? La pili ni neno lenyewe. Huku Tanzania bara, bibi katika mazungumzo ya kila siku ni mama mzaa mama au mama mzaa baba. Dada wa miaka thelathini na mbili akipokea bahasha iliyoandikwa "Bibi Rehema" atacheka, au atanuna. Kenya nako neno hilo hilo humaanisha mke. Zamani lilikuwa na uzito wake wa heshima, na ndiyo maana mwanaharakati wa TANU anabaki kuwa Bibi Titi Mohamed katika historia, jina lake halibadilishwi kuwa "Bi. Titi" kwa sababu tu sisi leo tumebadili mazoea. Kwa walio hai, andika "Bi." kwa kila mwanamke asiye na cheo kingine, na "Bibi" umwachie yule ambaye mwenyewe hujiandika hivyo.

Kuna wengine kwenye orodha ambao hutajua hata kama ni mwanamke au mwanamume. Amani, Furaha, Heri, Baraka: majina haya yanabebwa na wote, na wakati mwingine orodha inakuja na herufi za mwanzo tu. Hapo Tanzania tuna bahati ya "Ndg." Ndugu ilisambaa sana enzi za TANU na baadaye CCM, na bado unaisikia kwenye vikao vya chama, lakini katika barua za ofisi imekwisha kuwa neno la kawaida lisilo na jinsia wala itikadi. "Ndg. Amani J. Pazi" haimkosei mtu yeyote. Mipaka yake ni miwili. Barua ikienda Kenya itasomeka kama imetoka kwenye kikao cha chama Tanzania, kwa hiyo huko jitahidi kujua ni Bw. au Bi. Na usimpe "Ndg." mtu unayejua kabisa kwamba ni Dkt. au Prof., maana atadhani umemvua shahada kwa makusudi.

Twende kwa mheshimiwa mbunge wako. Chukulia kwamba mbele ya jina pana kiti kimoja tu, na wanaokigombea ni Bw., Bi., Ndg., Dkt. na Prof. Anakaa mmoja, mwenye cheo cha juu, na wengine wanainuka. Mtu akipata shahada ya uzamivu, "Bw." inaondoka na "Dkt." inakaa. Akiwa profesa, "Dkt." inaondoka na "Prof." inakaa. Kuandika "Prof. Dkt." ni desturi ya Wajerumani, kwetu profesa amekwisha kubeba udaktari wake ndani. "Bw. Dkt." ni kurudia jambo dogo baada ya kubwa. Mhe. hagombei kiti hicho, kwa sababu hatoi habari za elimu wala jinsia. Anatangaza wadhifa, naye husimama mbele ya aliyekaa. Vivyo hivyo vyeo vya dini: "Mch. Dkt.", "Askofu Dkt.", "Sheikh Dkt." Kwa hiyo "Mhe. Bw. Dkt." yako imezidi neno moja. Toa "Bw."

Kwa wabunge wa Tanzania kuna kitu kingine kidogo ambacho walioko serikalini hawakisahau, na wa nje hawakijui: alama ya "(Mb)" baada ya jina. Inaonyesha kwamba mheshimiwa huyo ni Mbunge, na hutumika hata kwa mawaziri kwa kuwa nao ni wabunge. Bahasha yake basi ingeonekana hivi, jina likiwa la mfano:

```
Mhe. Dkt. Juma Hamisi Pazi (Mb),
Ofisi ya Bunge,
S.L.P. 941,
DODOMA.
```

Kuhusu nani anastahili "Dkt.", Kiswahili hakibagui. Daktari wa binadamu, wa meno, wa mifugo, na mwanahistoria mwenye shahada ya uzamivu wote wanaandikwa sawa. Huhitaji kuongeza maelezo kwenye mabano ili kuonyesha huyu anatibu na yule anafundisha. Wenye shahada za heshima ndio wanaohitaji tahadhari, na kanuni ninayoifuata ni kumtazama mwenyewe anavyojiandika au ofisi yake inavyomwandika. Rais Samia alitunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Novemba 2022, na taarifa rasmi zikaanza kumwandika "Dkt." Basi nawe mfuate hivyo. Mwalimu Nyerere alipewa shahada za heshima na vyuo vingi, lakini jina lililomkaa hadi leo ni Mwalimu. Kwenye orodha yako wakiwemo wa namna hiyo, usikisie. Angalia kadi yao ya biashara au barua waliyowahi kuwaletea.

Yule mama daktari na mumewe wanahitaji bahasha yao wenyewe. Najua ulikoitoa "Bw. na Bi.": ni kwenye kadi za harusi, ule mstari wa nukta nukta wenye "Prof./Dkt./Mhe./Bw. na Bi./Bw./Bi." ambao mwenye kadi hukatakata yasiyohusika na kalamu. Kwa wanandoa wasio na vyeo vingine inafaa sana. Ikiwa mmoja ana cheo, fomula hiyo inakimeza, na mara nyingi anayemezwa ni mke, kwa sababu baada ya "Bw. na Bi." hufuata jina la mume peke yake. Daktari aliyesoma miaka mitano na kufanya mwaka mzima wa mafunzo kazini anafika kwenye hafla ya taasisi yenu akiwa hana jina wala shahada. Waandike wawili, kila mtu na chake:

```
Dkt. Rehema Salum Kondo
na Bw. Hamisi Juma Pazi,
S.L.P. 000,
DODOMA.
```

Nani atangulie? Aliyealikwa kwa nafasi yake. Kama mama ndiye mgeni wenu na mume anamsindikiza, mama anatangulia, na ikiwa ni kinyume chake, geuza. Kama wote ni madaktari andika "Dkt. Rehema Salum Kondo na Dkt. Hamisi Juma Pazi", ukirudia kifupisho. Mtindo wa kuandika "Madkt." naufahamu, na sioni sababu ya kuutumia.

Umeona kwamba Rehema ana jina lake na mumewe ana lake. Hilo si bahati mbaya ya mfano. Watanzania wengi wana majina matatu: lake, la baba na la babu, na wanawake wengi, hasa katika familia za Kiislamu, hawachukui jina la mume hata baada ya ndoa. Hapo ndipo watu waliozoea mtindo wa kigeni wa kutanguliza cheo na kumalizia na jina la mwisho wanapoteleza. Wanafungua barua kwa "Mpendwa Dkt. Kondo". Kondo ni babu yake. Kenya magazeti na ofisi zimezoea jina la mwisho, na wenyewe wamelikubali, lakini ukimwandikia Mtanzania kwa ukarimu, kwenye bahasha weka majina yote na ndani ya barua andika "Dkt. Rehema". Kwetu kuunganisha kifupisho cha heshima na jina la kwanza si kumzoea wala kumdharau mtu. Ndivyo anavyoitwa ofisini kwake kila siku. Kwa viongozi na watu ambao hamjawahi kuonana, "Mheshimiwa" au "Ndugu" peke yake inatosha kufungulia barua.

Na ukifungua barua bila jina, usitumie kifupisho. Kifupisho kinaegemea jina. Kikikosa jina kinaanguka. "Mhe.," halafu mkato, au "Dkt.," halafu mkato, vinaonekana kama sentensi iliyokatika mdomoni. Andika neno zima: "Mheshimiwa,", "Daktari,", "Profesa," au "Ndugu,". Vilevile sehemu za kutaja cheo bila mtu, kama katika "daktari wa wilaya" au "waheshimiwa wote", haziandikwi kwa kifupisho.

Kwenye anwani, kifupisho kinakaa mstari wa kwanza tu, mbele ya jina, na hakirudiwi chini. Baada yake inafuata taasisi, kisha sanduku la posta, kisha mji kwa herufi kubwa. Mtindo wa mkato mwishoni mwa kila mstari na nukta baada ya mji ndio wengi tuliofundishwa shuleni. Siku hizi ofisi nyingi zimeacha kabisa alama hizo, na bahasha inasafiri salama tu. Chagua mmoja. Mstari wa taasisi usiuruke, hata kama unalijua sanduku. Watu wengi hutumia sanduku la mwajiri wao, lenye mamia ya wafanyakazi, na barua yenye jina na namba pekee itazunguka meza kwa meza kabla haijamfikia mwenyewe. Ikienda Kenya, namba ya eneo hufuata sanduku kwa kistari, mfano "S.L.P. 000-80100, MOMBASA", na kwa Posta Kuu ya Nairobi ni 00100.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza, nami naona litakugusa kwenye bahasha kadhaa. Je, unamwalika mtu, au unaiandikia ofisi? Ukimwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya kwa kazi ya ofisi, anwani inaanza na cheo hicho, bila jina na bila "Dkt.", masijala wataifungua, wataisajili na kuiweka kwenye jalada, na kama mganga yuko likizo, anayekaimu ataishughulikia. Ukianza na "Dkt. Rehema Salum Kondo", masijala wataiona kuwa barua ya mtu na wataiacha imefungwa juu ya meza yake. Kwa mwaliko hilo ndilo unalolitaka, na jina litangulie, cheo cha kazi kikae mstari wa pili. Kwa ombi la kibali, utangoja majibu hadi arudi likizo.

Kwa kuwa ni bahasha zaidi ya mia, nadhani utaunganisha orodha na kiolezo kwenye kompyuta. Weka kifupisho kwenye safu yake, jina kamili kwenye safu nyingine, na jina la salamu ("Dkt. Rehema") kwenye safu ya tatu, usiliache likitengenezwa na kompyuta kutoka jina la mwisho. Amua nukta inakaa wapi: ama kwenye safu, ama kwenye kiolezo. Ikikaa kote utachapa "Dkt.. Rehema" mara mia. Kisha kuna ugonjwa wa `Word`: ukiandika "Bw. na Bi." yenyewe hudhani nukta ya "Bw." imemaliza sentensi, ikaibadilisha kuwa "Bw. Na Bi." Nimeiona hata kwenye kadi zilizochapwa kwa wino wa dhahabu. Dawa yake iko hapa. Ongeza humo bw., bi., dkt., mhe. na ndg. mara moja, na haitakusumbua tena kwenye mashine hiyo:

```
File > Options > Proofing > AutoCorrect Options > Exceptions > First Letter
```

Na ili "Dkt." isiachwe mwisho wa mstari huku Rehema akianza mstari unaofuata, nafasi iliyo kati yao ibonyeze kwa `Ctrl+Shift+Space` badala ya nafasi ya kawaida. Kwenye bahasha haina tabu sana, lakini ndani ya barua utaishukuru.

Kabla ya kuchapa, toa orodha kwenye karatasi na uipitie na mtu anayewafahamu wageni. Wale watano au sita wa juu, wapigie makatibu wao. Swali ni fupi: "Mheshimiwa tumwandikeje kwenye mwaliko?" Katibu mwenzako hatashangaa, na atakutajia hata mabadiliko ya wiki iliyopita ambayo hayajafika magazetini. Ikiwa wageni ni viongozi wa kitaifa au mabalozi, mpangilio wa vyeo ni kazi ya watu wa itifaki, na ni vyema kuwaona ana kwa ana ukiwa na rasimu mkononi. Kama ubishi wenu na bosi umebaki kwenye lugha yenyewe, BAKITA ndilo baraza la kisheria la Kiswahili Tanzania tangu mwaka 1967, na Zanzibar kuna BAKIZA. Peleka swali kwa maandishi, nao wakujibu kwa maandishi.

Imebaki saini. Chini ya barua, bosi asijiite "Bw.", heshima hiyo anapewa na wengine. Kama ana shahada ya uzamivu, "Dkt." mbele ya jina lake lililochapwa ni sawa, kwani hiyo ni sifa aliyoisomea. Na ukisaini wewe kwa niaba yake, unaweza kumalizia jina lako na "(Bi)" kwenye mabano, kama wanavyofanya akina mama wengi maofisini, ili atakayejibu asikuandike "Bw."